Siku niliyojitambulisha mara mbili

Machi 2013 niliripoti kazini kwenye hospitali moja ya wilaya. Nilikuwa na miaka 27, digrii ya famasi ya miaka 4, mwaka 1 wa utarajali Muhimbili, na miezi 14 ya kazi katika hospitali ya misheni. Barua yangu ilisema nakwenda kuwa mfamasia na mkuu wa kitengo cha dawa. Kitengo chenyewe kilikuwa na watu 5: mafundi dawa sanifu wawili, wasaidizi wawili na mtunza stoo. Mfamasia hakijawahi kuwa naye. Kwa miaka 6 kilikuwa kinakaimiwa na fundi dawa sanifu mmoja, mama wa hamsini na kidogo, aliyekuwa na miaka 22 kazini. Hospitali nzima walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Hapa nitasema mama tu.

Siku hiyo nilijitambulisha mara mbili, nikakosea mara zote mbili, na la ajabu ni kwamba kosa la pili lilikuwa kinyume kabisa cha la kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye ripoti ya asubuhi, saa 1:30. Mgeni husimamishwa mwishoni, wauguzi wa usiku wameshachoka na madaktari wanatazama mlango. Mganga Mfawidhi akanishika bega: "Jamani, huyu ndiye mfamasia tuliyekuwa tunamlilia. Msomi huyu! Anakuja kutunyooshea ile famasi yetu." Watu wakacheka. Mama alikuwa benchi la pili, hakucheka. Alikuwa anafunga zipu ya mkoba wake taratibu, kama mtu anayetafuta cha kufanya na mikono.

Nikaliona lile, nikaogopa. Nikasema hivi, karibu neno kwa neno: "Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi. Mimi ni mdogo wenu. Sina ninachokijua, nimekuja kujifunza kutoka kwenu. Naomba mnipokee." Nilipigiwa makofi mengi. Nikakaa nikijiona nimefanya jambo la adabu.

Na adabu ilikuwepo. Salamu ile sikuikosea, na nisingeiacha hata leo. Kijana anayeanza na "kwa jina naitwa" mbele ya watu wa umri wa wazazi wake bila shikamoo huwa ameshahukumiwa kabla hajafika kwenye jina. Kasoro ilikuwa kwenye maneno mawili: "sina ninachokijua". Nimelelewa na methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na nadhani wengi wetu tunapanda jukwaani siku ya kwanza nayo mfukoni. Lakini chema hujiuza pale wanunuzi wanapokiona. Siku ya kwanza hakuna aliyekiona. Watu wana maneno yako tu, na wakiambiwa hujui kitu, baadhi watasikia tabia njema na baadhi watasikia taarifa.

Jumatano niligundua nani alisikia taarifa. Daktari wa wodi ya watoto alikuja dirishani kuulizia kipimo cha jentamaisini kwa kichanga wa kilo 2. Hilo ni swali la mfamasia hasa, maana uzito na umri wa siku hubadilisha kipimo, na dawa ile ikizidi inaumiza figo na masikio. Nilikuwa nimesimama pale pale na jibu ninalo. Akanipita, akamwita mama kutoka stoo. Mama alimjibu sawasawa. Hakukuwa na dharau yoyote. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nimeshapata nyumba. Kwake nilikuwa mtarajali mwingine aliyekuja kujifunza, kama nilivyosema mwenyewe.

Ukitaka kujua utambulisho wako umepokewa vipi, usiangalie makofi, wala usiulize watu wanakuonaje, kwa sababu watakuambia "tumekupenda". Angalia maswali yanapelekwa kwa nani. Kwenye famasi kuna dalili nyingine iliyo wazi zaidi, nayo ni funguo. Kabati la dawa za kulevya zinazotumika hospitali, pethidini, mofini na wenzake, hufungwa kwa ufunguo wake na lina daftari lake, na kila ampuli inayotoka inaandikwa na kutiwa saini. Mkuu wa kitengo ndiye anayejibu ampuli moja ikipotea. Hadi Ijumaa ya wiki ile ufunguo ule ulikuwa bado kwenye mkoba wa mama, ule wa zipu.

Mara ya pili ilikuwa saa 3 asubuhi siku ile ile ya kwanza, ndani ya stoo, mbele ya watu wangu 5. Hapa nilikuwa nimeshaanza kujutia ya asubuhi. Nilihisi nimejishusha mno mbele ya madaktari, sasa nikataka kujipandisha kwa hawa walio chini yangu. Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo kosa lenyewe: nilinyenyekea kwa wenye sauti, nikajivuna kwa wasio nayo. Watu wa chini huliona jambo hilo haraka kuliko kitu kingine chochote.

Niliongea dakika kama 10. Nilitaja chuo. Nilitaja Muhimbili mara nyingi, siwezi kusema ngapi, ila baadaye msaidizi mmoja aliniambia walikuwa wanahesabu. Nikachukua kadi ya stoo kutoka kwenye rafu, nikaipeperusha, nikasema: "Kule tulikotoka sisi, kadi haidanganyi. Kilichoandikwa ndicho kilichopo." Kisha nikaeleza kwa nini dawa inayoisha muda mapema lazima itangulie kutoka, hata kama imeingia jana. Niliwaeleza hivyo watu waliokuwa wakipanga rafu kwa kanuni hiyo tangu nikiwa shule ya msingi.

Mama akajibu kwa niaba ya wote: "Karibu sana, mwanangu. Hapa lakini si Muhimbili." Kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Sasa, ukitazama juujuu utasema asubuhi nilizidisha unyenyekevu na saa 3 nikazidisha majivuno, kwa hiyo dawa ni kukaa katikati. Niliamini hivyo kwa muda. Siamini tena. Ningechukua nusu ya hotuba ya kwanza na nusu ya ya pili ningepata uji usio na ladha: najua kidogo, nimesoma kiasi, nitajitahidi. Kosa la hotuba zote mbili ni moja. Katika ya kwanza nilisema sijui kazi, na hiyo ni kazi niliyoijua. Katika ya pili nilisema, kwa maneno mengine, najua mahali hapa panatakiwa paweje, na hapo ni mahali ambapo sikuwa nimemaliza hata saa 2. Nilikuwa nimeuweka unyenyekevu mahali pa uthabiti na uthabiti mahali pa unyenyekevu.

Mgeni kazini ana vitu viwili vya kuzungumzia, kazi na mahali. Kazi anaijua, ndiyo maana ameajiriwa, na kuikana ni uongo hata kama una sauti tamu. Mahali hapajui, hata awe profesa: hajui gari la Bohari ya Dawa hufika siku gani kweli na siku gani kwenye ratiba, hajui friji lipi husumbua umeme ukirudi, hajui kituo gani cha afya huazima dawa na kurudisha na kipi huazima na kusahau. Kukiri hayo hakumshushi, kwa sababu ni kweli na kila aliyepo anajua ni kweli.

Bei ya hotuba ya pili niliilipa wiki iliyofuata. Niliagiza tuhesabu stoo nzima. Kwenye amoksilini kadi ilisema makopo 46, rafuni nikakuta 39. Makopo 7 hayapo. Nilihesabu tena. Nikapekua kadi za nyuma, nikalinganisha na vitabu vya kutolea dawa vya wodi zote, nikabaki ofisini hadi usiku siku 2 mfululizo, nikiwa nimeshaanza kuwaza wizi na nani wa kumwambia kwanza. Siku ya tatu nikamwendea mama, kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili: hati ya kukabidhi makopo 7 kwa kituo cha afya kilichoishiwa, ina saini na tarehe ya siku 4 kabla sijaripoti. Kituo kilikuwa kirudishe mzigo wake ukifika, ndiyo maana kadi haikupunguzwa.

Kitaalamu utaratibu ule ulikuwa na dosari. Dawa ikitoka, kadi inapunguzwa siku hiyo hiyo, iwe imeuzwa, imetolewa au imeazimwa. Ikirudi inaingizwa upya. Hapo nilikuwa na haki. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakuniambia siku zote mbili aliponiona nahangaika, alisema, "Hukuuliza. Ulisema kadi haidanganyi, nikajua utaikuta."

Hakuwa amenificha kitu. Aliniacha tu nitembee na maneno yangu hadi yanapoishia. Mtu uliyemwambia siku ya kwanza kwamba unajua kila kitu hana sababu ya kukupa habari, na kazi ya stoo ya dawa zaidi ya nusu yake ni habari za aina hiyo, zilizokaa kwenye droo na vichwani mwa watu.

Jumatatu ya wiki ya tatu niliomba dakika 2 kabla ya kufungua dirisha. Niliandika kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi nikaiacha mezani. Nilisema hivi:

"Shikamoo mama. Wenzangu, habari za asubuhi. Siku ile nilipojitambulisha niliongea sana, naomba nirudie kwa ufupi. Mimi ni mfamasia. Kule misheni nilisimamia stoo ya dawa miezi 14, maombi ya dawa nikiyaandaa mwenyewe, na kipimo cha dawa kwa mtoto au mgonjwa wa figo mnaweza kuniita saa yoyote. Wilaya hii siijui. Vituo vyake sivijui, na njia zenu za kuokoa mambo dawa zikikwama sizijui. Nimeona kadi ya dawa mseto ya malaria haina siku hata moja iliyorukwa tangu Januari, na najua kazi yake. Nitakalobadilisha kwa sasa ni moja tu, dawa zinazoazimwa ziandikwe kwenye kadi. Mengine naomba mnionyeshe kwanza."

Haikufika hata dakika moja. Nitaifungua kidogo, kwa sababu kila kipande kilikuwa na sababu yake.

Neno "mfamasia" nimelisema peke yake, bila "msomi", bila jina la chuo. Cheo cha kitaaluma si majivuno, ni anwani. Kinawaambia watu walete nini kwako. Chuo hakiwaambii chochote kinachowasaidia kesho. Hospitalini kuna jambo dogo linaloambatana na hili: wagonjwa na hata wafanyakazi humwita mfamasia "dokta". Wapo wanaosahihisha kila mara na wapo wanaojiita hivyo wenyewe. Mimi naona ukiitwa, itika. Ukijitambulisha, sema mfamasia.

"Nilisimamia" nilikichagua kwa makusudi, nikaacha "tulikuwa tunafanya". Kiswahili kina kitenzi cha kila kiwango cha ushiriki: nilikuwepo, nilishiriki, nilisaidiana na, nilisimamia. Watu wa kazi husikia tofauti hizo kabla hata hujamaliza sentensi, na atakayekuuliza la pili atauliza juu ya kitenzi hicho. Utarajali wangu Muhimbili nisingeweza kuusema kwa "nilisimamia". Pale nilikuwa chini ya watu. Ndiyo maana safari hii sikuutaja kabisa. Miezi 14 ya misheni, sehemu ndogo isiyomshangaza mtu, ilikuwa na uzito zaidi kwa sababu kitenzi chake kilikuwa changu. Halafu nikaweka kitu kimoja wanachoweza kukijaribu: vipimo vya watoto. Ahadi inayoweza kupimwa wiki ile ile ina nguvu kuliko sifa 10 za zamani.

Kadi ya dawa mseto ndiyo sehemu ninayoithamini zaidi. Nilikuwa nimeiona kweli, wakati wa kutafuta yale makopo 7. Ningesema "mmefanya kazi nzuri sana" ingekuwa sukari ya bure, kila mgeni huisema. Lakini kadi isiyorukwa siku, kwenye dawa inayotoka kila siku na kwa wingi, ni kitu ambacho mtu asiyejua stoo hawezi hata kukiona. Kwa hiyo sentensi ile ilimheshimu mama na wakati huo huo ikamwonyesha kwamba aliyesimama mbele yake anajua kusoma kadi. Sikuhitaji kusema najua. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba unyenyekevu na kuaminika si lazima vigombanie kiti kimoja: sifa ya kweli, yenye jina na mahali, hubeba vyote viwili. Sharti lake ni kwamba uwe umeangalia kabla ya kusema. Leo nikihamishwa ningeomba kufika Ijumaa kabla ya Jumatatu ya kuripoti, nikae stoo nusu saa nikitazama tu.

Na lile badiliko moja. Kiongozi mpya asiyetaja badiliko lolote huonekana amekuja kula mshahara. Anayetaja saba huonekana amekuja kulipiza. Nilitaja moja, ambalo wote walijua limetoka wapi, na sikusema makopo 7 yalitokeaje.

Mama hakusema kitu. Mchana, tukiwa tunafunga, aliniambia, "Ufunguo wa kabati tutakabidhiana kesho, na daftari tuhesabu wote." Tulihesabu ampuli moja moja, yeye akaandika, mimi nikaandika, Katibu wa Afya akashuhudia na kutia saini.

Hilo la mwisho linanirudisha kwenye kitu ambacho hakuna utambulisho unaoweza kukifanya. Makabidhiano yale yalipaswa kufanyika siku ya kwanza, kwa maandishi, kwa maelekezo ya Mfawidhi. Mtu aliyekaimu miaka 6 hakuwa ameambiwa rasmi kwamba anapumzishwa. Alisikia pamoja na wote, kwa neno "kutunyooshea". Sentensi ile ilinitambulisha kwa kumdhalilisha yeye, na mimi niliposimama sikuigusa. Sikuweza kumsahihisha bosi hadharani, lakini ningeweza kusema: "Namshukuru Mganga Mfawidhi. Kitengo nakikuta kimesimama, na aliyekisimamisha miaka 6 yupo hapa." Hakuna bosi anayechukia hilo. Afadhali zaidi ni kumwona bosi asubuhi ile kabla ya ripoti, dakika 5, na kumwomba aseme mambo mawili mwenyewe: wewe umekuja kwa nafasi gani, na aliyekuwa akikaimu anabaki na jukumu gani. Cheo chako kikitajwa na mwingine, wewe unabaki na nafasi ya kuwa mpole.

Haya niliyoyasema yanafaa pale unapoingia juu ya watu waliokuzidi umri na wenye nafasi yao. Si kila mahali ni hivyo. Rafiki yangu mmoja, mwanamke mhandisi wa maji, aliwahi kuniambia kwamba yeye akisema "mimi ni mdogo wenu" mbele ya mafundi wanaume, hawasikii adabu, wanasikia ruhusa. Kwa hiyo shikamoo anaitoa kwa ukamilifu, na kutoka hapo anaingia moja kwa moja kwenye "nilisimamia". Naye ana haki. Na kwenye kampuni binafsi, Dar au Nairobi, ambako mgeni hupewa dakika moja kwenye kikao na wengi wapo kwenye simu, watu hutegemea kusikia ulichowahi kufanya mapema zaidi, na ukikaa kimya wataamini huna.

Yule daktari wa wodi ya watoto hakuwepo stoo Jumatatu ile. Hotuba yangu ya tatu hakuisikia, na sikupata tena nafasi ya kusimama kwenye ripoti na kufuta ile ya kwanza. Mama alianza kumrudisha kwangu: "Muulize mfamasia, yupo hapo." Alikuwa akija, ananisikiliza, anaandika. Lakini usiku, dirisha likiwa limefungwa na swali likiwa la haraka, simu yake ya kwanza ilikwenda kwa mama hadi mwaka niliohama.